Taarifa ya Eskro na Ratiba ya Malipo: Namna ya Kuhakiki Fedha za Kununua Nyumba

Akaunti ya eskro ni akaunti ya benki inayopokea fedha za mnunuzi wa nyumba na kuzishikilia mpaka masharti ya mkataba yatimie. Fedha hizo zimekwisha kutoka mikononi mwa mnunuzi, lakini muuzaji naye hajapata ruhusa ya kuzitumia apendavyo. Nchini Kenya akaunti ya namna hii hutokana na makubaliano ya pande mbili, na hutumika hasa kwa nyumba za ghorofa zinazouzwa kabla hazijamalizika kujengwa. Kwingineko huwekwa na sheria yenyewe. Dubai, kwa mfano, Sheria namba 8 ya mwaka 2007 humtaka mjenzi anayeuza nyumba ambazo hazijajengwa afungue akaunti ya eskro kwa kila mradi.

Taarifa ya akaunti hiyo ndiyo inayoonyesha kama mnunuzi amelipa alichoahidi na katika siku alizoahidi. Anayeihakiki, awe wakili, benki inayotoa mkopo au mnunuzi mwenyewe, huwa na kazi ya kulinganisha maandishi mawili. Mkataba unasema kilichopaswa kutokea, na taarifa inasema kilichotokea. Kila tofauti kati ya maandishi hayo lazima ipate maelezo, hata ikiwa ni ya shilingi chache au ya siku moja. Mnunuzi aliyechelewa anaweza kutozwa riba, na akizidi kuchelewa mkataba unaweza kuvunjwa, huku sehemu ya fedha zake ikibaki kwa muuzaji. Vilevile, mnunuzi aliyelipa kwa wakati anaweza kudaiwa asichodaiwa kwa sababu tu hakuna aliyehesabu vizuri.

Kuijua akaunti kwanza

Kabla ya kusoma mstari wowote wa malipo, huangaliwa taarifa hiyo ni ya akaunti gani. Kenya kuna mipango mitatu inayokutana na watu mara kwa mara. Wa kwanza ni akaunti ya pamoja iliyofunguliwa kwa majina ya mawakili wa pande zote mbili, ambayo fedha zake hazitoki bila saini za wote wawili. Wa pili ni akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji, ambaye huzishika fedha kwa niaba ya pande zote kwa masharti ya mkataba. Wa tatu ni akaunti ya eskro inayosimamiwa na benki chini ya makubaliano maalumu kati ya benki, muuzaji na mnunuzi.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu inaamua ni karatasi gani itakayosomwa. Akaunti ya pamoja ya mawakili ina taarifa yake yenyewe, na kila mstari ndani yake unahusu nyumba hiyo moja. Akaunti ya wateja ya wakili, kwa upande mwingine, ina fedha za watu wengi, kwa hiyo wakili hawezi kumpa mnunuzi taarifa nzima ya benki bila kufichua mambo ya wateja wengine. Anachotoa ni daftari la mteja, yaani hesabu aliyoiandika mwenyewe ya fedha za mnunuzi huyo. Daftari hilo halitoshi peke yake. Linapaswa kuandamana na ushahidi wa benki kwa kila ingizo, kwa kuwa wakili ndiye aliyeliandika na si benki. Akaunti ya mradi mzima nayo hupokea fedha za wanunuzi wa nyumba zote, na hapo hatari kubwa ni malipo ya nyumba moja kuandikwa kwenye hesabu ya nyumba nyingine.

Kisha jina la akaunti, namba yake, benki na tawi hulinganishwa na yaliyoandikwa kwenye mkataba, tarakimu kwa tarakimu. Iwapo namba imebadilika katikati ya safari, yafaa pawe na marekebisho ya mkataba yaliyoandikwa na kutiwa saini na pande zote. Barua pepe pekee haitoshi, kwa maana wizi wa fedha za nyumba mara nyingi huanza kwa ujumbe unaoonekana kama umetoka kwa wakili, ukimwomba mnunuzi atume awamu ijayo kwenye akaunti mpya.

Kuugeuza mkataba kuwa jedwali la siku na kiasi

Sheria ya Mikataba ya Kenya, katika kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na saini hizo zishuhudiwe. Kwa hiyo ratiba ya malipo hutafutwa ndani ya mkataba uliotiwa saini pamoja na marekebisho yake. Haitafutwi kwenye kipeperushi cha matangazo wala kwenye maelezo ya mdomo ya mtu wa mauzo.

Mikataba mingi haitaji tarehe moja kwa moja. Husema "ndani ya siku 90 tangu tarehe ya mkataba huu" au "ndani ya siku 21 tangu wakili wa mnunuzi apokee hati ya msanifu majengo kwamba paa limekamilika". Kazi ya mhakiki ni kugeuza maneno hayo kuwa tarehe halisi za kalenda, na hapo yapo mambo matatu ya kuyatazama.

La kwanza ni siku ya kuanzia kuhesabu. Siku ya tukio lenyewe kwa kawaida haihesabiwi, hivyo siku ya kwanza ni ile inayofuata. Pia ni lazima ijulikane kama hesabu inaanza siku hati ilipotolewa au siku ilipopokewa. La pili ni aina ya siku, kwa sababu mkataba unaweza kusema siku za kazi, na siku 21 za kazi ni karibu mwezi mzima wa kalenda. La tatu ni siku ya mwisho inapoangukia Jumapili au sikukuu. Mikataba mingi husogeza malipo hadi siku ya kazi inayofuata, lakini ni lazima maneno hayo yawemo, si ya kudhaniwa.

Jambo jingine linalotafutwa kwenye mkataba ni tafsiri ya neno "kulipa". Mikataba iliyoandikwa kwa uangalifu husema malipo yamefanyika pale fedha zilizokwisha kuthibitishwa zinapoingia kwenye akaunti. Chini ya maneno hayo, siku mnunuzi aliyoagiza benki yake itume haina nguvu. Siku yenye nguvu ni ile fedha zilipopokewa.

Safu za taarifa na maana yake

Taarifa ya benki huwa na safu ya tarehe, safu ya maelezo, fedha zilizotoka, fedha zilizoingia na salio. Baadhi ya benki huweka tarehe mbili kwa kila mstari: tarehe ingizo lilipoandikwa na tarehe ya thamani, yaani siku ambayo fedha zinahesabiwa kuwa zipo kweli. Tarehe hizo zinaweza kupishana. Hundi inaweza kuonekana kwenye akaunti leo, lakini fedha zake zisiwe za kutumika mpaka benki ya mwandika hundi ikubali kuilipa. Kwa uhakiki wa ratiba, inayofuatwa ni tarehe ya thamani.

Safu ya maelezo hueleza fedha zilikuja kwa njia gani na kutoka kwa nani. Njia inasaidia kupima kama ingizo lina mantiki. Tangu Oktoba 2009, Kenya hairuhusu hundi ya zaidi ya shilingi milioni moja kupita kwenye mfumo wa kusafisha hundi, kwa hiyo kiasi kikubwa kuliko hicho hupitishwa kwa RTGS, mfumo wa Benki Kuu unaohamisha fedha siku hiyo hiyo. M-Pesa nayo ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Taarifa inayoonyesha hundi moja ya shilingi 1,800,000, au malipo ya M-Pesa ya shilingi 900,000 kwa mkupuo, inastahili kuulizwa.

Kipimo kingine rahisi ni kukokotoa salio mstari kwa mstari. Salio la mstari uliotangulia, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, lazima litoe salio la mstari unaofuata. Mtu anayeghushi taarifa mara nyingi hubadilisha ingizo moja na kusahau masalio ya chini yake, au hufuta mstari na kuacha pengo ambalo hesabu hulifichua mara moja. Hata hivyo, masalio yanayokubaliana hayathibitishi kwamba taarifa ni ya kweli. Uthibitisho wenye nguvu ni taarifa iliyotolewa na benki moja kwa moja kwa ombi la wenye akaunti, bila kupitia mikono ya mtu mwenye maslahi.

Mfano: nyumba ya shilingi milioni tisa

Namna uhakiki unavyofanyika huonekana vizuri kwa mfano wa kubuni. Mkenya anayefanya kazi Doha ananunua nyumba ya vyumba viwili Mombasa, namba B4, kwa shilingi 9,000,000. Mkataba una tarehe 3 Februari 2025. Awamu ya kwanza ni asilimia 10, yaani 900,000, ndani ya siku 7. Ya pili ni asilimia 20, yaani 1,800,000, ndani ya siku 90 tangu tarehe ya mkataba. Ya tatu ni asilimia 25, yaani 2,250,000, ndani ya siku 21 tangu wakili wa mnunuzi apokee hati ya msanifu kwamba paa limekamilika. Ya nne ni 2,250,000 nyingine, kwa utaratibu huo huo, baada ya hati ya kumalizika kwa kazi za ndani. Asilimia 20 iliyobaki, yaani 1,800,000, italipwa siku ya kukabidhiana hati za umiliki.

Mkataba huo unasema pia kwamba siku ya mwisho ikiwa si ya kazi, malipo yatakuwa kwa wakati yakiingia siku ya kazi inayofuata. Riba ya kuchelewa ni asilimia 18 kwa mwaka, nayo huhesabiwa kwa siku. Fedha ziko kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wawili. Hati ya paa ilitolewa 14 Julai na kupokewa na wakili wa mnunuzi 18 Julai. Hati ya kazi za ndani ilipokewa 12 Septemba. Taarifa ya akaunti hadi 31 Oktoba 2025 inasomeka hivi:

| Tarehe ya thamani | Maelezo | Ingizo | Toleo | Salio |
|---|---|---|---|---|
| 6 Feb | Mnunuzi B4 | 900,000 | | 900,000 |
| 2 Mei | Mnunuzi B4 | 1,000,000 | | 1,900,000 |
| 6 Mei | Kutoka Doha, B4 | 796,750 | | 2,696,750 |
| 19 Mei | Mnunuzi B4 | 3,665 | | 2,700,415 |
| 30 Juni | Riba ya benki | 18,000 | | 2,718,415 |
| 30 Juni | Kodi ya zuio | | 2,700 | 2,715,715 |
| 6 Ago | Mnunuzi B4, RTGS | 2,250,000 | | 4,965,715 |
| 12 Ago | Kwa muuzaji | | 2,500,000 | 2,465,715 |
| 1 Okt | Mnunuzi B4, RTGS | 1,800,000 | | 4,265,715 |
| 2 Okt | Hundi, B4 | 450,000 | | 4,715,715 |
| 6 Okt | Hundi imerudishwa | | 450,000 | 4,265,715 |

Awamu ya kwanza haina tatizo. Siku saba baada ya 3 Februari zinaishia 10 Februari, na fedha ziliingia tarehe 6 zikiwa kamili.

Awamu ya pili inahitaji utulivu. Siku ya 90 baada ya 3 Februari ni 4 Mei 2025, ambayo ni Jumapili, hivyo mkataba unampa mnunuzi hadi Jumatatu 5 Mei. Alituma fedha kwa vipande viwili. Shilingi milioni moja zilitoka kwenye akaunti yake ya Nairobi na kuingia 2 Mei, kabla ya mwisho. Shilingi 800,000 alizituma kutoka Doha tarehe 30 Aprili, akiamini amewahi, lakini zilifika 6 Mei, siku moja baada ya kikomo. Tena hazikufika kamili. Benki ya kati iliyopitisha fedha hizo ilikata dola 25, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola ni shilingi 3,250.

Makato ya namna hii ndiyo chanzo cha kawaida cha pengo dogo kwenye malipo ya Wakenya walio nje. Ushahidi wake hupatikana kwenye nakala ya ujumbe wa malipo, ambayo benki iliyotuma humpa mteja akiomba. Katika maagizo ya malipo huandikwa nani anabeba gharama: OUR ikiwa ni mtumaji, BEN ikiwa ni mpokeaji, na SHA ikiwa wanagawana. Mnunuzi anayetaka kiasi kamili kifike huchagua OUR, kisha hulinganisha kilichoingia na alichotuma, kwa kuwa bado zipo benki za njiani zinazoweza kukata.

Riba ya kuchelewa kwa awamu hiyo huhesabiwa kwa sehemu iliyochelewa tu, si kwa awamu nzima. Tarehe 5 Mei deni lililobaki lilikuwa 800,000. Riba ya siku moja ni 800,000 mara asilimia 18, gawanya kwa 365, ambayo ni shilingi 394.52. Kuanzia 6 Mei deni likawa 3,250 tu, na hadi 19 Mei zilipita siku 13, ambazo riba yake ni shilingi 20.84. Jumla ni shilingi 415 na senti. Ndiyo sababu mnunuzi alilipa 3,665: shilingi 3,250 za bei na 415 za riba. Mhakiki asiyetenganisha viwili hivyo ataandika kwamba mnunuzi amelipa bei zaidi ya alivyopaswa. Kama muuzaji angedai riba ya awamu nzima ya 1,800,000 kwa siku zote 14, dai lingefika shilingi 12,427, yaani karibu mara thelathini ya deni la kweli.

Mistari miwili ya 30 Juni haihusu malipo ya mnunuzi hata kidogo. Benki imelipa riba ya 18,000 kwa fedha zilizolala, na kodi ya zuio ya asilimia 15, yaani 2,700, imekatwa. Baki ya 15,300 ni mali ya yule aliyetajwa na mkataba. Mara nyingi humwendea muuzaji shughuli ikikamilika, na humrudia mnunuzi ikivunjika bila kosa lake. Lakini kwa vyovyote vile si sehemu ya bei, isipokuwa mkataba uwe umesema hivyo waziwazi.

Awamu ya tatu inaonyesha kwa nini siku ya kuanzia ina uzito. Mtu akihesabu siku 21 tangu hati ilipotolewa, 14 Julai, mwisho unakuwa 4 Agosti, na malipo ya 6 Agosti yanaonekana yamechelewa siku mbili. Mkataba, hata hivyo, unahesabu tangu wakili wa mnunuzi alipoipokea hati, 18 Julai, na mwisho wake ni 8 Agosti. Malipo yaliwahi. Taarifa ya benki pekee isingeweza kulijibu swali hili, kwa kuwa benki haijui habari za paa wala hati. Mhakiki huhitaji nakala ya hati ya msanifu pamoja na ushahidi wa siku ilipopokewa, kama vile muhuri wa ofisi ya wakili au barua pepe yenye tarehe.

Awamu ya nne ndiyo yenye kasoro ya kweli. Siku 21 baada ya 12 Septemba zinaishia 3 Oktoba. Shilingi 1,800,000 ziliingia tarehe 1, na hundi ya 450,000 iliandikwa tarehe 2. Anayesoma safu ya maingizo peke yake ataona 2,250,000 kamili na kwa wakati. Lakini tarehe 6 hundi ilirudishwa bila kulipwa, na benki ikaitoa kwenye akaunti. Hundi iliyorudishwa haikuwahi kuwa malipo, kwa hiyo shilingi 450,000 zimekuwa deni tangu 3 Oktoba. Hadi mwisho wa mwezi zimepita siku 28, na riba yake ni shilingi 6,213.70, ikiongezeka karibu shilingi 222 kila siku.

Mwishoni hesabu yote hufungwa kwa kulinganisha na salio. Bei iliyolipwa kweli ni 900,000 na 1,800,000 na 2,250,000 na 1,800,000, jumla 6,750,000. Ukiongeza riba ya kuchelewa ya 415 na riba ya benki ya 15,300 baada ya kodi, kisha ukatoa 2,500,000 zilizokwenda kwa muuzaji, unapata 4,265,715. Hilo ndilo salio lililo kwenye taarifa. Sasa mhakiki anaweza kuandika jibu bila kusita: kufikia 31 Oktoba mnunuzi alipaswa kuwa amelipa 7,200,000, amelipa 6,750,000, na pungufu ni 450,000 pamoja na riba yake.

Fedha zinazotoka

Ratiba ya mnunuzi ina upande wake wa pili, yaani masharti ya kumtolea muuzaji fedha. Katika mfano huu mkataba uliruhusu muuzaji achukue si zaidi ya awamu mbili za kwanza, yaani 2,700,000, baada ya hati ya paa. Toleo la 2,500,000 la 12 Agosti lilikuja baada ya hati na halikuvuka kikomo. Linalobaki ni kuona barua ya maelekezo yenye saini za mawakili wote wawili, na kuhakikisha akaunti iliyopokea ni ya muuzaji aliyetajwa kwenye mkataba.

Toleo lililofanyika kabla ya hati ni jambo zito kuliko mnunuzi kuchelewa siku moja. Linaonyesha kwamba ulinzi alioulipia mnunuzi haufanyi kazi, na ujenzi ukisimama fedha hizo huenda zisipatikane tena. Linapoonekana, mnunuzi ana sababu ya kutaka maelezo ya maandishi kabla ya kuingiza awamu nyingine, kwa utaratibu ambao mkataba wenyewe unauruhusu. Kuzuia malipo bila kufuata utaratibu huo kunaweza kumfanya yeye ndiye aonekane mvunja mkataba.

Sheria ya Dubai inakwenda mbele zaidi katika upande huu, kwa kutaka asilimia 5 ibaki kwenye eskro mwaka mmoja baada ya nyumba kusajiliwa kwa majina ya wanunuzi. Mkataba wa Kenya unaweza kuwa na sharti linalofanana na hilo, lakini ni pale tu pande zinapolikubali na kuliandika.

Pengo linapoonekana

Kila pengo hupewa jina lake kabla ya kuchukuliwa hatua, kwa maana kila aina ina dawa tofauti. Makato ya benki hurekebishwa kwa kuongeza kiasi kilichopungua na kuambatisha nakala ya ujumbe wa malipo. Fedha zilizoandikwa kwa nyumba nyingine hurekebishwa kwa barua inayotaja tarehe, kiasi na namba ya muamala, ikiomba zihamishiwe kwenye hesabu sahihi huku tarehe ya awali ya kupokewa ikihifadhiwa. Bila maneno hayo ya mwisho, mnunuzi aliyewahi anaweza kuhesabiwa amelipa siku ya marekebisho.

Malipo yaliyopungua kweli, kama ile hundi, hulipwa kwa njia isiyorudi nyuma, na RTGS ndiyo ya kawaida. Kabla mkataba haujavunjwa, muuzaji kwa kawaida hutakiwa kumpa mnunuzi ilani ya maandishi yenye muda wa kurekebisha, na katika mikataba mingi ya Kenya muda huo ni siku 21. Malipo yote pamoja na riba yakiingia ndani ya muda huo, kasoro huwa imeponywa. Kama muuzaji amewahi kupokea malipo yaliyochelewa bila kulalamika, huenda wakili wa mnunuzi akajenga hoja kwamba kikomo kilikuwa kimelegezwa. Lakini mikataba mingi ina kifungu kinachosema uvumilivu wa mara moja haufuti haki, na hoja hiyo haipaswi kutegemewa badala ya kulipa kwa siku.

Gharama zisizo bei nazo hubaki nje ya hesabu. Ushuru wa stempu, ambao Kenya ni asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini na asilimia 2 kwa ya vijijini, hulipwa kwa serikali. Kwa nyumba ya shilingi 9,000,000 iliyo mjini ni shilingi 360,000. Wakili akimwomba mnunuzi apitishe fedha hizo kwenye akaunti hiyo hiyo, zinapaswa kuandikwa mstari wa peke yake, zisije zikahesabiwa kama sehemu ya awamu ya mwisho. Ada za wakili hufuata kanuni hiyo hiyo.

Uhakiki wa namna hii hufanyika vema kila awamu inapolipwa, maana benki huweza kufuatilia muamala wa wiki iliyopita kwa urahisi kuliko wa miaka miwili nyuma. Hufanyika tena kwa ukamilifu kabla ya awamu ya mwisho, wakati mnunuzi bado ameshika asilimia 20 ya bei na muuzaji bado ameshika hati. Matokeo yake huandikwa kwenye ukurasa mmoja: kila awamu, tarehe yake ya mwisho, siku fedha zilipoingia, kiasi, pungufu na riba, pamoja na salio linalokubaliana na benki. Ukurasa huo ukitiwa saini na mawakili wa pande zote mbili, hesabu ya awamu zilizopita huwa imefungwa, na kinachobaki kulipwa siku ya makabidhiano ni kiasi kimoja ambacho pande zote wamekikubali.